Outlook inayodai nenosiri bila kuridhika: angalia kwanza ni dirisha gani linalouliza

*“Wiki tatu zilizopita nilibadilisha nenosiri la baruapepe ya kazini, ambayo iko kwenye Microsoft 365. Tangu siku hiyo Outlook ya kompyuta yangu, Office 2016, ikawa inafungua dirisha jeupe lenye nembo ya kampuni na kulifunga lenyewe kabla sijaandika lolote. Mwenzangu alipata suluhisho mtandaoni, akabadilisha kitu kwenye rejista ya Windows, na dirisha lile likatoweka. Sasa kinakuja kisanduku kidogo kilichoandikwa Windows Security. Naandika nenosiri, naweka alama kwenye Remember my credentials, kinaondoka, na baada ya dakika chache kinarudi. Nenosiri ni sahihi, kwa sababu kwenye kivinjari na kwenye simu barua zinafunguka. Nimefuta profaili na kuitengeneza upya mara mbili. Je, nisakinishe Office upya?”*

Hapana, usisakinishe upya, maana utapoteza nusu siku na kisanduku kitakusubiri palepale. Kinachokusumbua ni matatizo mawili yaliyopandana. La kwanza lilikuwa la kawaida kabisa: kompyuta yako ilibaki na kibali cha zamani cha kuingilia baada ya nenosiri kubadilika, na programu inayotunza vibali hivyo ikashindwa kupata kipya. La pili limeletwa na dawa aliyokupa mwenzako kwa nia njema. Hakuliondoa tatizo, aliizuia Outlook isitumie njia pekee ya kuingilia inayokubaliwa na seva, akairudisha kwenye njia ambayo imekwisha kufungwa. Ndiyo maana dirisha limebadilika sura ingawa usumbufu ni uleule, na sura hiyo ndiyo dalili muhimu kuliko zote ulizozitaja.

Kisanduku kidogo chenye kichwa Windows Security hutolewa na Windows yenyewe. Hakina nembo ya kampuni, hakikuambii lolote kuhusu namba ya siri inayotumwa kwenye simu, na kina nafasi mbili tu za kuandika, jina na nenosiri, pamoja na ile alama ya kukumbuka. Dirisha jeupe, kwa upande mwingine, ni ukurasa wa tovuti uliofunguliwa ndani ya Outlook, na ukurasa huo hutoka `login.microsoftonline.com`, anwani ileile unayoiona unapoingia kwa kivinjari. Kisanduku kinapokuja, maana yake Outlook inajaribu kuingia kwa uthibitishaji wa zamani. Ukurasa mweupe unapokuja, inajaribu uthibitishaji wa kisasa. Mtu asiyetofautisha madirisha haya mawili huweza kuhangaika na nenosiri kwa mwezi mzima, ilhali nenosiri halina kosa lolote.

Katika uthibitishaji wa zamani, ambao Microsoft huuita Basic, programu hubeba jina na nenosiri lako na kuvituma kwa seva kila inapohitaji huduma, mara nyingi kwa siku. Havifichwi kwa namna yoyote ya maana. Huunganishwa kwa alama ya nukta mbili na kuandikwa kwa herufi za Base64. Jina lako likiwa `jina` na nenosiri likiwa `siri`, kinachotumwa ni mstari huu:

```
Authorization: Basic amluYTpzaXJp
```

Yeyote anayeupata mstari huo anaweza kuurudisha kuwa `jina:siri` kwa sekunde moja, kwa sababu Base64 ni namna ya kuandika tu, si fumbo. Kinachoulinda njiani ni usiri wa mawasiliano kati ya kompyuta na seva, basi. Udhaifu wake mkubwa zaidi ni kwamba ndani ya mstari huo hakuna mahali pa kuweka hatua ya pili, kama vile namba inayotumwa kwenye simu, kwa hiyo aliyeiba nenosiri huwa amepata kila kitu. Kwa sababu hiyo Microsoft ilitangaza mwaka 2019 kwamba itaufunga, na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2022 ikaanza kuuzima moja kwa moja katika masanduku yote ya Exchange Online, yaani huduma ya barua ya Microsoft 365, kampuni moja baada ya nyingine. Upande wa kutuma barua kwa SMTP uliachwa wazi kwa muda, na ndiyo sababu mashine za kuskani maofisini ziliendelea kutuma barua kwa nenosiri la kawaida huku Outlook za zamani zikikwama. Ukiisikia ofisi ikisema kwamba nenosiri lilelile linakubaliwa na mashine na kukataliwa na kompyuta, usidhani wanatania.

Matokeo yake kwako ni haya. Kisanduku chako kinachukua nenosiri sahihi na kulipeleka kwa utaratibu ambao seva haiusikilizi tena. Seva hujibu kwamba hukuruhusiwa. Haina namna ya kuieleza Outlook kwamba nenosiri ni zuri ila njia ndiyo mbaya, na Outlook kwa upande wake hudhani umekosea kuandika, ikauliza tena. Hapo hata ungebadilisha nenosiri mara kumi, hakuna litakalokubaliwa.

Uthibitishaji wa kisasa hufanya kazi tofauti kabisa. Nenosiri huandikwa mara moja tu kwenye ule ukurasa mweupe, na Outlook yenyewe hailioni. Ukurasa ukiridhika na nenosiri pamoja na hatua ya pili, hutoa tokeni mbili, yaani vibali vya muda. Moja ni ya kufungulia sanduku, nayo huishi kwa muda mfupi, kati ya dakika 60 na 90. Nyingine ni ya kuombea tokeni mpya pale ile ya kwanza inapoisha, na hii kwa kawaida hudumu siku 90, muda unaohesabiwa upya kadiri inavyotumika. Ndiyo maana mtu anaweza kufanya kazi miezi mingi bila kuulizwa nenosiri hata mara moja: kila baada ya saa moja hivi kompyuta huomba kibali kipya kimyakimya, naye hana habari.

Sasa fikiria siku uliyobadilisha nenosiri. Tokeni ya kuombea, iliyopatikana kwa nenosiri la zamani, ilibatilishwa na seva. Hilo ni jambo jema, kwa kuwa aliyekuwa amekuibia naye anafungiwa nje. Kompyuta yako, hata hivyo, iliendelea kuishika tokeni ile iliyochacha na kuipeleka kila saa, ikakataliwa, ikalazimika kufungua ukurasa mweupe ili uandike nenosiri jipya. Simu yako ilipitia hatua hiyohiyo: ilikuuliza mara moja, ukajibu, ikapewa tokeni zake yenyewe, na pengine umeshasahau. Kila kifaa kina tokeni zake, na ndiyo maana kufunguka kwa barua kwenye simu hakuthibitishi chochote kuhusu hali ya kompyuta.

Kwenye kompyuta, ukurasa ulifunguka na kujifunga. Katika Windows 10 na 11, Office 2016 iliyosasishwa haishughuliki na tokeni peke yake. Humwachia dalali aliye ndani ya Windows, kijiprogramu kiitwacho `Microsoft.AAD.BrokerPlugin`. Dalali huyo ndiye anayefungua ukurasa mweupe, kupokea tokeni na kuzitunza kwa niaba ya programu zote za Office. Faili zake zikiharibika, au antivirasi ikizizuia, au programu ya “kusafisha” kompyuta ikizifuta kwa kudhani ni takataka, dirisha hufunguka kwa nusu sekunde na kupotea, kwa sababu aliyelifungua amekufa kabla hajamaliza kulichora. Mimi nikiisikia dalili hiyo huuliza kwanza kama kuna programu ya kusafisha iliyowekwa karibuni, na mara nyingi jibu huwa ndiyo.

Aliyoyafanya mwenzako ni karibu hakika kuandika thamani iitwayo `EnableADAL` yenye namba 0 kwenye rejista. Thamani hiyo huiambia Office iache kabisa uthibitishaji wa kisasa. Ushauri huo umeenea kwa sababu zamani ulionekana kufaa: kabla ya mlango wa Basic kufungwa, ulimwepuka dalali mbovu na kuingia kwa njia ya zamani, na mtumiaji akafurahi. Microsoft wenyewe wanaonya dhidi ya kuzima njia hiyo kama tiba ya matatizo ya kuingia. Siku hizi ni sawa na kumwelekeza mtu kwenye mlango uliojengewa ukuta.

Huenda unajiuliza kwa nini kufuta profaili hakukusaidia. Profaili ya Outlook hubeba orodha ya akaunti na mipangilio yake, lakini thamani ile ya rejista haimo ndani yake, wala tokeni za dalali hazimo. Kusakinisha upya nako hakugusi sehemu hizo mbili, kwa kuwa zote ni mali ya akaunti yako ya Windows na hubaki pale Office inapoondolewa. Ile alama ya Remember my credentials ndiyo hasa inayozidisha tatizo: kila ulipoiweka, Windows ilihifadhi jina na nenosiri kwa matumizi ya njia ya zamani, na hifadhi hiyo utaikuta bado ipo. Huenda pia mtu akakushauri utengeneze nenosiri maalumu la programu, lile refu linalotolewa na mfumo kwa ajili ya programu zisizojua hatua ya pili. Kwa Outlook na sanduku la Exchange Online haliwezi kukusaidia tena, kwa kuwa nalo husafiri kwa njia ileile ya Basic.

Tuanze matengenezo kwa kuthibitisha dhana yangu badala ya kuiamini. Funga Outlook, fungua Command Prompt kwa namna ya kawaida, kisha andika:

```
reg query HKCU\Software\Microsoft\Office\16.0\Common\Identity
```

Nasisitiza kwa namna ya kawaida, yaani usiifungue kwa akaunti ya msimamizi. Herufi `HKCU` humaanisha sehemu ya rejista ya mtu aliyeifungua, kwa hiyo fundi akiweka nenosiri lake ili kupata mamlaka, atakuwa anasoma na kurekebisha rejista yake mwenyewe na kukuachia yako kama ilivyo. Nimewaona mafundi wazoefu wakiapa kwamba thamani haipo, ilhali walikuwa wakichungulia nyumba ya jirani.

Katika majibu tafuta mstari huu:

```
EnableADAL    REG_DWORD    0x0
```

Ukiuona, tumeshika tatizo. Angalia pia kama kuna `DisableADALatopWAMOverride` yenye `0x1`, ambayo ni ndugu yake: hiyo haizimi uthibitishaji wa kisasa, bali humruka dalali. Watu wengi wanaofuata maelekezo ya mtandaoni huziandika zote mbili kwa pamoja. Usibadilishe namba, zifute kabisa, kwa kuwa Office 2016 hutumia uthibitishaji wa kisasa bila kuambiwa lolote. Office 2013 ndiyo iliyohitaji kuandikiwa `EnableADAL` yenye 1, tena katika njia yenye `15.0`, na Office 2010 haiwezi kwa hali yoyote.

```
reg delete HKCU\Software\Microsoft\Office\16.0\Common\Identity /v EnableADAL /f
reg delete HKCU\Software\Microsoft\Office\16.0\Common\Identity /v DisableADALatopWAMOverride /f
```

Moja ikikosekana, utapata ujumbe kwamba mfumo haukuipata, na huo si wa kukutia hofu.

Usifungue Outlook bado. Ukiifungua sasa, kuna uwezekano ikaokota nenosiri lililohifadhiwa na ile alama ya kukumbuka, na utadhani hatua ya kwanza haikufaa. Hakikisha kwanza kwamba programu zote za Office zimefungwa kweli, pamoja na Teams. Fungua Task Manager uone kama `OUTLOOK.EXE` bado imo, kwa sababu mara nyingi hubaki ikiendelea nyuma ya pazia baada ya dirisha lake kufungwa. Kisha orodhesha vilivyohifadhiwa:

```
cmdkey /list | findstr /i MicrosoftOffice16
```

Utaona mistari yenye `MicrosoftOffice16_Data:`. Yenye neno `SSPI` pamoja na anwani yako ndiyo matunda ya kile kisanduku, na yenye `ADAL` ni mabaki ya tokeni za zamani. Fungua Control Panel, ingia Credential Manager, chagua Windows Credentials, na chini ya Generic Credentials ondoa moja baada ya nyingine zile zinazoanza na maneno hayo. Yasiyohusiana na Office yaache. Nimekutana na watu waliofuta orodha nzima kwa hasira, na jioni yake hawakuweza kufungua mafaili ya pamoja wala kuingia kwenye kompyuta ya mbali, kwa sababu manenosiri hayo nayo yalikuwa humo na hakuna aliyeyakumbuka.

Sasa fungua Word au Excel, nenda File, kisha Account, na ubonyeze Sign out kama jina lako limo. Funga, anzisha kompyuta upya, halafu fungua Outlook. Natarajia moja kati ya mambo mawili. La kwanza ni kwamba ukurasa mweupe utakuja na kutulia, utaandika nenosiri jipya, utakubali hatua ya pili kwenye simu, na kazi itakuwa imekwisha. Ukurasa ukiuliza kama kifaa hiki kisimamiwe na shirika, na kompyuta ni yako binafsi, chagua kuingia kwenye programu hii tu. La pili ni kwamba utaona ukurasa ukifunguka na kupotea kama siku ya kwanza. Usivunjike moyo hilo likitokea, kwa kuwa tutakuwa tumerudi kwenye tatizo la asili, nalo lina dawa yake.

Dawa hiyo ni kumwandikisha upya dalali. Fungua PowerShell, nayo kwa akaunti yako ya kawaida, na uandike mstari huu mmoja mrefu:

```
Add-AppxPackage -Register "$env:windir\SystemApps\Microsoft.AAD.BrokerPlugin_cw5n1h2txyewy\Appxmanifest.xml" -DisableDevelopmentMode -ForceApplicationShutdown
```

Baada yake andika `Get-AppxPackage Microsoft.AAD.BrokerPlugin`. Ukipata maelezo ya kijiprogramu, kiko mahali pake. Ukipata kimya kitupu, hakikuandikishwa, na hapo kuna kitu kinachokizuia. Kabla ya kurudia amri, ondoa ile programu ya kusafisha kama unayo, na mwombe anayesimamia antivirasi aiangalie kama imekizuia.

Ukishaingia, usiridhike kwa kuona barua zinashuka tu. Thibitisha zinashuka kwa njia ipi. Shika kitufe cha Ctrl, bofya kwa upande wa kulia wa kipanya kwenye ikoni ndogo ya Outlook iliyo karibu na saa chini ya skrini, na uchague Connection Status. Litafunguka jedwali lenye safu nyingi. Sogea hadi kwenye safu iitwayo Authn. Maneno `Bearer*` yanaonyesha kwamba Outlook inatumia tokeni, na `Clear` yanaonyesha nenosiri linalobebwa kwa njia ya zamani. Kwenye sanduku lako mistari yote inayoelekea `outlook.office365.com` inapaswa kuwa na `Bearer*`.

Utazame pia mistari isiyoelekea huko, na hapa nieleze kisa kimoja kilichonigharimu asubuhi nzima. Ofisi moja ilihamisha masanduku yake kutoka kwa mtoa huduma wa tovuti kwenda Microsoft 365. Kompyuta zote ziliingia vizuri kwa ukurasa mweupe, safu ya Authn ilisoma `Bearer*`, na bado kila asubuhi kisanduku cha Windows Security kilijitokeza mara moja, watu wakaandika nenosiri, kikaondoka. Nilifuta vilivyohifadhiwa mara mbili kabla sijafanya nilichopaswa kuanza nacho, yaani kusoma jina la seva lililoandikwa ndani ya kisanduku. Halikuwa la Microsoft. Outlook inapotafuta mipangilio ya sanduku huweza kuuliza kwenye anwani ya kikoa chenyewe, yaani pale ilipo tovuti ya ofisi, na seva ya tovuti ilikuwa bado na masanduku ya zamani ambayo hakuna aliyeyafuta, ikajibu: “Mimi ninayo, nipe nenosiri.” Watu walikuwa wakimkabidhi mtoa huduma wa zamani nenosiri lao jipya kila siku. Tuliifuta huduma ya barua kule kwenye tovuti, tukahakikisha jina `autodiscover` la kikoa linaelekea `autodiscover.outlook.com`, na kisanduku hakikuonekana tena. Kama huna mamlaka juu ya tovuti, Outlook inaweza kuzuiwa isiulize huko:

```
reg add HKCU\Software\Microsoft\Office\16.0\Outlook\AutoDiscover /v ExcludeHttpsRootDomain /t REG_DWORD /d 1 /f
```

Naihesabu hiyo kuwa bandeji, kwa kuwa huiponya kompyuta moja tu. Jambo la kukumbuka ni kutoandika nenosiri ndani ya kisanduku kabla ya kusoma ni seva gani inayoliomba.

Kuna njia nyingine ambazo huenda ukapendekezewa, na ni haki yako kujua uzito wake. Kuzima hatua ya pili kwenye akaunti yako hakutasaidia kitu, kwa sababu Basic imefungwa iwe una hatua ya pili au huna. Utakuwa umejipunguzia ulinzi bure. Kusoma barua kwa kivinjari ni njia salama ya kuendelea na kazi wakati unasubiri matengenezo, na sioni aibu yoyote kuitumia kwa wiki nzima. Kuachana na Office 2016 ni ushauri wa haki, ingawa si tiba ya tatizo hili: usaidizi wake ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo haipokei tena marekebisho ya usalama, na siku moja itakuja kukwama kwa sababu isiyo na dawa. Lakini ukisakinisha toleo jipya juu ya rejista ileile yenye `EnableADAL` ya 0, utaukuta ugonjwa umehamia nyumba mpya, kwa kuwa matoleo yaliyofuata nayo husoma njia ileile ya `16.0`. Safisha kwanza, kisha uhame.

Baadhi ya mambo hayamo mikononi mwako, na ukiyaona mwite msimamizi wa mfumo wa kazini badala ya kuendelea kujaribu. Ukifuta `EnableADAL` na kuikuta imerudi baada ya kuanzisha kompyuta, au ukiipata chini ya njia yenye neno `Policies`, basi inawekwa na sera ya kampuni na ni msimamizi pekee atakayeiondoa. Kama wenzako wote wana kisanduku hichohicho, kosa huenda liko kwenye mpangilio wa kampuni nzima. Msimamizi anaweza kulithibitisha kwa amri hii ya Exchange Online, akitarajia jibu `True`:

```
Get-OrganizationConfig | Format-List OAuth2ClientProfileEnabled
```

Kampuni zilizojiunga na huduma hii kabla ya Agosti 2017 zilianza mpangilio huo ukiwa umezimwa, na yeyote anaweza kuukuta umesahauliwa hivyo. Tatu, ukurasa mweupe ukikuambia kwamba Trusted Platform Module ina hitilafu, kwa namba 80090016, fikiria kama kompyuta ilibadilishwa ubao mkuu au diski ilihamishiwa kwenye mashine nyingine. Funguo za tokeni zimefungwa kwenye kifaa cha awali na lazima usajili ufanywe upya. Na mtu akikushauri uende Settings, Accounts, Access work or school na ubonyeze Disconnect, usifanye hivyo kwenye kompyuta ya kazini kabla ya kumuuliza msimamizi, kwa sababu unaweza kuikata kompyuta kutoka kwenye usimamizi wa kampuni na kujikuta huwezi hata kuingia kwenye Windows.

Ukifika kwa msimamizi, usiende na maneno ya “inaniuliza nenosiri” peke yake. Ukurasa mweupe unapokataa huonyesha msimbo unaoanza na AADSTS, na msimbo huo hutenganisha mambo ambayo kwa macho yanafanana: 50126 ni jina au nenosiri lisilo sahihi, 50076 ni kwamba hatua ya pili inahitajika, na 53003 ni kwamba sera ya kampuni imekuzuia kutokana na kifaa au mahali ulipo. Chini yake kuna Correlation ID na saa ya tukio. Piga picha ya skrini yenye vitu hivyo vitatu na umpelekee siku hiyohiyo, kwa kuwa kumbukumbu za kuingia ambazo atazitafuta kwa namba hiyo huhifadhiwa siku 7 tu katika leseni za bure na siku 30 katika za kulipia.